Urefu wa Lori Likiwa Tupu

Jibu lilikuja Alhamisi saa nne asubuhi. Nilikuwa uani, nakunja turubai. Binti yangu akatoka jikoni kashika simu juu juu, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani.

"Baba, wamejibu."

"Wamesema nini?"

"Kila kitu sawa."

Nikamwambia anisomee. Hiyo kila kitu sawa mimi siijui. Nimeendesha lori miaka thelathini na minane, na kila nilipokwama, kuna mtu alikuwa ameniambia kila kitu sawa.

Akasoma. "Asante kwa barua pepe yako. Anwani ni hiyo hapo chini. Maegesho yapo ya kutosha. Karibuni sana Jumamosi."

Nikangoja. Naye kaishushia simu mkononi.

"Na lango?"

Akasogeza kidole kwenye kioo, juu, chini. "Lango hajalitaja."

"Tuliuliza mambo matatu. Kajibu mawili."

"Baba, ana shughuli nyingi. Tukifika tutaonyeshwa."

Nikaacha turubai. Nikaenda kulizunguka lori. Matairi nilikuwa nimeyatazama asubuhi, nikayatazama tena.

Niseme kazi yetu, maana asiyeijua anaweza kuona nababaika bure. Tunakodisha viti na meza. Viti mia nne vya chuma, vya kukunja, na meza arobaini. Mtu akiwa na harusi, mkutano, mahafali, sisi tunapeleka, tunapanga, baadaye tunarudi kuchukua. Lori ni moja, la bodi la bati lililofunikwa juu. Dereva ni mimi. Wapakizi ni watu wanane, watu wazima wenye familia zao. Na aliyekuwa akiendesha yote hayo, mimi nikiwemo, ni mke wangu.

Alifariki miezi mitano iliyopita. Tangu siku hiyo lori halijabeba kitu.

Hii ya Jumamosi ndiyo kazi ya kwanza. Mahafali ya chuo cha wauguzi. Binti yangu ndiye aliyeipata, na siku aliyoipata aliniketisha chini akanieleza wazi. "Baba, mimi nina kazi yangu na watoto wangu. Hii tunaijaribu. Ikienda vizuri, tunaendelea. Ikiharibika, lori tunaliuza, na hutanilaumu." Mnunuzi alikuwa amekwisha kuja mara mbili. Mara ya pili alipiga matairi teke. Kisha akafungua mlango wa abiria, akashika mto wa marehemu uliopo kwenye kiti, akauliza kama na huu unauzwa pamoja.

Nilikwenda ndani nikakaa mpaka alipoondoka.

Basi Alhamisi ile nikarudi uani nikamwambia binti yangu, "Nisomee na ile tuliyoipeleka sisi."

"Si nilikusomea, Baba?"

"Uliniambia umeipeleka. Hukunisomea."

Akapumua kwa nguvu. Akaifungua. Aliyoisoma ilikuwa hivi, nami nimeinakili baadaye kutoka kwenye simu yake:

*Kwa mwandaaji wa mahafali. Tunathibitisha kuleta viti mia nne na meza arobaini siku ya Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Tunaomba mtuthibitishie mambo matatu. Kwanza, anwani kamili ya ukumbi, jengo na mtaa. Pili, lango ambalo lori litaingilia, upana wake na urefu wake kwenda juu. Tatu, mahali pa kuegesha wakati wa kushusha, na muda tunaoruhusiwa kukaa hapo. Asanteni.*

"Mbona imekatwa?" nikasema.

"Imekatwa wapi?"

"Ya mama yako ilikuwa na maneno mengine hapo kwenye lango."

Akanitazama. Alikuwa anajua. Barua ile haikuwa yake wala yangu. Ni ya mama yake. Aliiandika kwanza kwa kalamu miaka mingi nyuma, kila kazi anaandika upya kwa mkono, hakuna hata neno linalobadilika ila tarehe. Simu za kuandikia zilipokuja akamwomba binti yake amwekee humo. Na pale kwenye lango aliandika hivi: *na kama lori litapita likiingia na mzigo, na pia likitoka tupu.*

"Niliyatoa," binti yangu akasema.

"Kwa nini?"

"Baba, lango ni lile lile! Lililoingia si litatoka? Mtu wa ofisi akisoma vile atasema hawa watu vipi. Nilitaka ionekane barua ya watu wanaojua kazi."

Nikarudi kukunja turubai. Si kwa hasira. Nilikosa pa kuanzia. Yeye alikuwa bado ananyonya siku jambo lenyewe lilipotokea, na mama yake hakuwa mtu wa kusimulia. Alikuwa mtu wa kuandika barua.

Wacha nilisimulie mimi.

Mke wangu alikuwa mfagizi wa ukumbi kabla hatujaanza biashara. Miaka tisa alisugua sakafu ya ukumbi mmoja mkubwa. Huko ndiko alikojifunza milango. Aliniambia, mlango wa mbele ni wa kupigia picha, kazi inapita nyuma. Alijua kusoma, aliishia darasa la saba. Mimi sikusoma kabisa. Herufi alinifundisha yeye, kwenye namba za magari, tukiwa tumekaa barazani. Kila gari likipita ananiuliza, "Ile nini ile?" Nikikosea anacheka mpaka anashika mbavu. Nilipojua zote aliacha kuniuliza, nami nikawa naona jioni ndefu.

Tulianza na viti arobaini. Tukapata lori, kuukuu, bei ya kutupa. Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa harusi, kwenye ukumbi ulio chini ya jengo, lango lake la nyuma lina boriti ya zege juu. Tuliingia vizuri kabisa. Mimi nikajisifu. Tukashusha. Nikawasha lori nitoke, nikasikia kwaa!

Bodi limegusa boriti.

Nikashuka nikaangalia. Sikuelewa. Nikasema jengo limeshuka. Kweli nilisema hivyo, na mke wangu alinikumbusha maisha yangu yote. "Baba wa jengo limeshuka," ndivyo alivyoniita nikianza kujifanya najua.

Jengo halikushuka. Lori ndilo lililopanda. Springi za nyuma zikiwa na mzigo zinalala. Ukitoa mzigo zinainuka, na bodi linainuka nazo. Lori letu linapanda vidole vinne. Dereva yeyote analijua hilo kichwani, lakini anakumbuka akiwa ameshakwama.

Magari ya maharusi yakawa yamefika nyuma yetu, yanapiga honi. Mwenye harusi anatukana. Mimi jasho. Mke wangu akasimama katikati akatazama huku na huku, akaona kwaya ya harusi wanajipanga, wanene kwa wembamba, na sare zao za zambarau. Akawaendea. Sijui aliwaambia nini. Nilichoona ni kwaya nzima wanapanda nyuma ya lori, mmoja mmoja, wanashikana mikono, na lori linashuka. Nikatoka taratibu na kwaya yangu. Wakashuka upande wa pili wakaenda kuimba.

Kesho yake akatafuta mwanzi mrefu. Akaukata vipande viwili vinavyoungana kwa kipande cha bomba, ili upande basi nao. Akapima lori likiwa na mzigo, akafunga uzi mwekundu. Akapima likiwa tupu, akafunga uzi mweupe. Akaandika ile barua. Na kila kazi ya mahali pageni, siku moja kabla, alikwenda na mwanzi wake akausimamisha chini ya lango. Wakamwita Mama Fimbo. Walinzi wa kumbi zote walimjua. Hatukukwama tena.

Hayo yote niliyajua Alhamisi ile, na binti yangu hakuyajua. Nikamwambia kwa ufupi. Lori tupu ni refu.

"Refu kiasi gani?"

"Vidole vinne."

"Baba. Vidole vinne."

"Ndiyo."

Akaandika tena, kuuliza lango. Nilimwona akiandika, kwa haraka, mdomo kaubana. Sikumwuliza kama ameweka maneno ya mama yake.

Siku ile nzima jibu halikuja. Nilikaa, nikasimama. Nilifungua mlango wa lori nikaufunga. Nilihesabu viti, nikahesabu meza, nikarudia viti. Saa tisa binti yangu akapiga simu, haikupokewa. Saa kumi na moja ikawa imezimwa. Ijumaa asubuhi hakuna kitu. Chai nilishindwa kuimaliza.

Mwanzi ulikuwa nyuma ya kabati, pale pale alipouacha. Sikuwa nimeugusa. Nyuzi zote mbili zipo, ule mweupe umekuwa kama majivu. Nikampigia binti yangu kazini kwake.

"Nisomee anwani."

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kupima."

"Utapima nini na mahali hujaitwa?"

"Nisomee anwani, mama."

Nikimwita mama anajua sitarudi nyuma. Akanisomea, nikaandika kwenye kiganja, herufi kubwa kubwa. Nikapanda basi na vipande vyangu viwili vya mwanzi. Abiria mmoja akaniuliza kama nakwenda kuangua maembe. Nikamwambia nakwenda kwenye mahafali.

Anwani ile niliifikia bila shida. Ilikuwa duka la miwani.

Nikaangalia kiganja. Mtaa ndio, namba ndiyo. Nikamwuliza mwenye duka, ukumbi uko wapi? Akasema, "Ukumbi gani, mzee? Hapa hakuna ukumbi. Juu kuna ofisi, ghorofa ya tatu." Nikapanda ngazi. Goti la kulia halipendi ngazi. Juu nikakuta mlango wa kioo, na ndani mwanamke wa miaka arobaini hivi, simu mbili mezani, ya tatu sikioni. Maboksi ya maua ya karatasi kila mahali. Akaniona na mwanzi, akaitoa simu sikioni.

"Mzee, karibu. Mafundi wa mapazia wanaingilia chini."

"Mimi wa viti."

"Viti vya?"

"Vya kesho. Wauguzi."

Akasimama. "Viti vya kesho vinaletwa kesho! Tena ukumbini, si hapa!"

"Ulituandikia anwani ni hapa."

"Hapana. Niliandika anwani ni hiyo hapo chini, ya ukumbi." Akageuza kompyuta, akatafuta, akasoma. Nikaona uso wake unabadilika. Chini ya barua yake hapakuwa na anwani ya ukumbi. Palikuwa na jina lake, cheo chake, na anwani ya ofisi yake, ile inayojiandika yenyewe kila anapopeleka barua. Ya ukumbi alisahau kuiweka.

Akaketi. "Mungu wangu. Mngekuja hapa saa kumi na mbili asubuhi na viti mia nne."

"Tungekuja."

"Mimi niko kule na wahitimu wamesimama."

"Ndiyo."

Akashika kichwa. Nikamwonea huruma. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Akasema watu wa mapambo wamemgeuka, mpishi amemgeuka, katafuta wengine usiku kucha, simu moja iliingia maji jana, na sasa viti. Nikamwambia viti havijamgeuka, viti viko uani kwangu vimehesabiwa. Akacheka kidogo.

"Sasa lango," nikasema.

"Lango la nyuma, mzee. La mizigo. Meneja wa ukumbi aliniandikia, urefu ni mita tatu na robo. Lori lenu?"

"Likiingia linapita."

"Basi vizuri."

"Likitoka?"

Akanitazama kama alivyonitazama binti yangu. Hapo ukutani palikuwa na kochi la wageni, la springi, la zamani. Nikalikalia. Likazama. Nikaweka kiganja juu ya mgongo wa kochi, nikamwonyesha ulipofikia. Kisha nikasimama. Kochi likainuka.

Akaja akalikalia yeye, akasimama. Akalitazama.

"Aisee," akasema.

"Mke wangu alikuwa anayaandika haya kwenye barua. Binti yangu aliona aibu akayafuta."

"Hata mimi ningecheka," akasema. "Ningecheka, halafu kesho ningelia."

Akachukua mkoba wake. "Twende, mzee. Nami nakwenda huko huko."

Alinipakia kwenye gari lake, mwanzi umetokeza dirishani. Njiani alipokea simu saba. Mimi nikashika mwanzi wangu usimpige mtu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mtaa wa nne kutoka pale. Nyuma kuna njia inayoteremka, lango la chuma, na juu yake boriti ya zege. Nikaijua boriti ile. Haikuwa ile ya miaka ile, lakini ni ndugu yake.

Mlinzi akatuzuia. "Mzee na fimbo, wapi?"

Kisha akautazama ule mwanzi. Akatazama nyuzi. Akanitazama mimi.

"Hii si ya Mama Fimbo?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa ukumbi wa kule stesheni, zamani. Alikuwa anakuja. Mkali! Aliniambia lango langu lina kiburi." Akacheka. "Hajambo yeye?"

Nikaushika ule uzi mweupe, akaelewa. Akavua kofia. Kisha akafungua lango mwenyewe bila kuulizwa tena.

Nikaunga mwanzi, nikausimamisha. Uzi mwekundu ukapita chini ya boriti, kuna nafasi ya vidole viwili. Uzi mweupe ukagonga zege. Umezidi vidole viwili.

Meneja wa ukumbi akaitwa, akaja na shati jeupe na funguo kiunoni. Akasema haiwezekani, ramani inasema mita tatu na robo. Nikampa ashike mwanzi. Akaushika. Mlinzi akasema, "Bosi, ramani ni ya kabla hawajaongeza zege hapa chini mwaka juzi." Meneja akatazama chini kama anaiona ile sakafu mara ya kwanza.

"Basi lori lishushe, likae humu humu mpaka mahafali yaishe," mwandaaji akasema. "Si litabeba viti tena kurudi?"

"Haiwezekani," meneja akasema. "Uani huku ni pa gari la zimamoto. Watu wakishaingia, lazima pawe wazi. Sitafungua ukumbi."

"Na mbele?"

"Mbele ni barabara ya mabasi. Ukisimama dakika tano unavutwa."

Wakanigeukia mimi. Ningeweza kulegeza matairi upepo, madereva hufanya hivyo. Lakini matairi ya nyuma ni mazee, nikiyalegeza sana yanaachia rimu, na pampu hapo hakuna. Nikawaambia hivyo. Wakaendelea kunitazama.

Nikampigia binti yangu.

"Nimepima. Likiwa tupu halipiti, limezidi vidole viwili," nikamwambia.

Nilisikia watu wa ofisini kwake wanaongea nyuma.

"Baba, unataka kusema hatuwezi kuifanya kazi."

"Sijasema hivyo."

"Wameuliza wengine? Watachukua viti vya watu wengine?"

"Bado."

Nilijua anafikiria nini. Anamfikiria mnunuzi. Namba yake ameiandika kwenye kalenda jikoni. Nikataka kumwambia maneno mengi. Nikamwambia, "Mama yako aliwahi kupandisha kwaya."

"Kwaya gani?"

Nikamsimulia. Kwa simu, nimesimama kwenye njia ya lori, mwandaaji na meneja na mlinzi wote wananisikiliza. Ni hadithi ndefu kuliko zote nilizowahi kusimulia. Nilipofika kwenye jengo limeshuka, binti yangu akacheka. Kisha nadhani alilia. Kisha akauliza kwa sauti ya kazi, sauti ya mama yake kabisa, "Walikuwa watu wangapi?"

"Ishirini na kitu."

"Vidole viwili vinataka wangapi?"

Nikapiga hesabu. Mzigo wote, vidole vinne. "Kama watu kumi na wanane. Wazito wazito."

"Namwandikia sasa hivi. Mwambie yule mama aangalie simu yake."

Hazikupita dakika kumi, simu ya mwandaaji ikalia. Akasoma kwa sauti, hapo hapo langoni. Binti yangu aliuliza yote upya. Anwani ya ukumbi, jengo na mtaa, *si ya ofisi*. Lango, likiingia na mzigo na likitoka tupu. Maegesho, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Na mwisho akaomba wathibitishe watapatikana watu wazima kumi, kuongeza kwenye wapakizi wetu wanane, wa kupanda lori kwa muda wa kutoka langoni.

Meneja akasema, "Hili halijawahi kuandikwa kwenye barua yoyote ya ukumbi huu."

"Wewe una kilo ngapi?" mwandaaji akamwuliza.

"Tisini na mbili."

"Nimekuandika."

Akajibu akiwa amesimama, dole gumba linakwenda mbio. Ile barua ninayo. Binti yangu aliipiga chapa. Inasema:

*Tunathibitisha. Anwani ni jengo la ukumbi, upande wa nyuma, njia inayoteremka baada ya kituo cha mabasi. Lango ni la mizigo. Kuingia saa kumi na mbili kamili, lori likiwa na mzigo. Maegesho ni uani, mpaka saa mbili na nusu tu. Kutoka saa mbili na robo, lori likiwa na watu wasiopungua kumi na wanane. Meneja wa ukumbi amekubali kupanda.*

Usiku ule nililala vibaya. Saa kumi nilikuwa nimevaa.

Jumamosi tuliingia. Vidole viwili, kama mwanzi ulivyosema. Wapakizi wakashusha, wakapanga, mistari ishirini, viti ishirini ishirini. Mmoja wao tunamwita Kamanda kwa sababu hapokei amri. Alipoambiwa atapanda lori kama mzigo akasema, "Nimeshusha chuma saa mbili nzima, sasa mimi ndiyo chuma?"

"Wewe ni meza," mwenzake akamwambia. "Chuma kina adabu."

Saa mbili na robo nikawasha. Mpishi wa sherehe alikuwa ameshaanza kuuliza gari lake litapita wapi. Wahitimu wamejaa barabarani na majoho. Wakapanda wapakizi wanane. Akapanda mlinzi. Akapanda meneja na shati lake jeupe, akashika chuma cha bodi kama anakishitaki. Mwandaaji akapanda na viatu mkononi. Wapambaji wanne, fundi wa vipaza sauti, wapishi wawili. Kamanda akawa anahesabu kwa sauti. Kumi na wanane.

Binti yangu alikuwa amesimama langoni na mwanzi. Hakuwa ameushika maishani. Akausimamisha kando ya lori, akalinganisha na boriti, akainama, akachungulia.

"Bado, Baba! Nywele moja!"

"Ongezeni mtu!" Kamanda akapiga kelele.

"Hakuna mtu!"

Nikaona binti yangu anauegemeza mwanzi ukutani. Akaja upande wangu wa pili, akafungua mlango. Akautazama ule mto. Kisha akapanda akaukalia.

Miezi mitano hakuna aliyekaa pale.

Najua uzito wa mbele hauishushi sana nyuma. Sikumwambia.

"Twende," akasema.

Nikaachia klachi polepole. Lori likapanda njia, nyuma watu wamenyamaza wote, hata Kamanda. Nikasikia bati linapapasa zege, sauti ndogo, kama mtu anakuna kiroboto. Kisha halikusikika tena. Tukawa nje, juani.

Nyuma kukalipuka kelele. Wahitimu barabarani wakadhani ni wao wanashangiliwa, wakapiga makofi nao.

Saa nane tulirudi kuchukua viti. Hiyo haikuwa na shida. Utauliza, na lori tupu tuliingiaje? Kwa watu wale wale, wakiwa wameshiba. Meneja alikuwa anawapanga mwenyewe, wazito nyuma.

Mnunuzi alipiga simu Jumatatu. Nilikuwa uani, natazama mahali bati lilipokwaruzika. Binti yangu alizungumza naye jikoni, sikusikia yote. Nilisikia, "Hapana kaka, tunalo bado." Kwenye kalenda ile namba imefutwa kwa kalamu mara nyingi mpaka karatasi imetoboka.

Juzi kaja na kazi nyingine. Mkutano wa walimu, mahali ambapo hatujawahi kwenda. Kaandika barua, kanisomea. Maneno ya mama yake yamo yote. Kaongeza na yake: *Tafadhali pimeni kwa mkono, msitumie ramani.*

Hawajajibu bado. Ni siku ya pili leo. Nimekwisha kuliangalia lori mara tatu. Uzi mweupe nimeubadilisha, ule wa zamani nimeuweka kwenye sanduku lake. Wasipojibu mpaka kesho saa sita, nakwenda na mwanzi. Binti yangu anasema nisiende peke yangu, anaomba ruhusa kazini.